Zamu Yako, Binamu

Somo la wiki hii lina hadithi moja, kanuni moja ya sarufi na hesabu moja ya saa. Hadithi imetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo huenda yamewahi kutokea nyumbani kwenu. Isomeni kwa sauti mkiwa wawili: mtoto asome maneno ya Salma na Idrisa, mzazi asome maneno ya Bibi na yaliyobaki. Maneno yaliyowekewa alama ya nyota tutayarudia kwenye sarufi.

Hadithi

Salma ana miaka 11. Anaishi Farsta, kusini mwa jiji la Stockholm. Binamu yake, Idrisa, ana miaka 12 na anaishi Tanga. Mama yake Salma na baba yake Idrisa ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo Salma humwita baba yake Idrisa mjomba, na Idrisa humwita mama yake Salma shangazi. Bibi yao ni mmoja, naye anaishi Tanga na kina Idrisa.

Zamani Salma alizungumza na Bibi kila Ijumaa, na mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na shule?"

"Nzuri."

Kisha kimya. Salma alikuwa akimrudishia* mama yake simu, na Bibi huko Tanga akabaki na maswali yake.

Mwaka huu, wakati wa likizo ya kiangazi, Salma alikwenda Tanga na mama yake. Kila alasiri yeye na Idrisa walikaa barazani wakicheza ludo kwenye ubao wa kadibodi uliokwisha kukunjika pembe. Siku ya kuagana Idrisa alisema, "Ludo iko hata kwenye simu. Tutacheza kila jioni, mchezo mmoja."

Salma aliporudi Stockholm aliandika ujumbe: "Kesho tucheze saa sita."

Idrisa akajibu: "Saa sita ya mchana niko shule. Saa sita ya usiku nimelala. Unataka ipi?"

Mama alicheka alipouona ujumbe ule. Salma alikuwa ameangalia saa ya ukutani, mkono mfupi kwenye namba sita, akasoma kama Waswidi wanavyosoma. Kwa Kiswahili ile ni saa kumi na mbili jioni. Wakati huo Tanga huwa saa moja jioni, kwa sababu ilikuwa Agosti. Wakakubaliana hivyo: kumi na mbili kwa Salma, moja kwa Idrisa.

Jioni ya kwanza Salma alifungua chumba cha mchezo, akampigia* Idrisa simu, akamsomea* namba ya chumba tarakimu moja moja. Simu ya sauti wakaiacha wazi ili wasikiane wakicheza.

"Huku kwetu mchezo kama huu unaitwa Fia," Salma alisema.

"Fia?" Idrisa alishtuka. "Nani kafia* wapi?"

"Hakuna aliyekufa! Ni jina tu la mchezo."

Dadu ikaleta nne. Kete ya Salma ikaangukia penye kete ya Idrisa, na ya Idrisa ikarudi mwanzo.

"Nimekusukuma!" Salma alipiga kelele.

"Hujanisukuma," Idrisa alisema kwa huzuni. "Umenila."

Tangu siku hiyo Salma hasukumi tena. Anakula.

Jioni moja mwezi wa Septemba mtu alibisha hodi kwa kina Idrisa katikati ya mchezo. Idrisa akainuka. "Bibi, nichezee* zamu yangu moja, nakuja."

Bibi akavaa miwani, akaigusa dadu. Ikaja tano. Alihesabu kwa sauti, polepole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kete ya tatu ya Salma, iliyokuwa imebakiza hatua chache kuingia nyumbani, ikatoweka.

"Bibi!" Salma alilia.

"Nimekulia* kete yako, mjukuu wangu," Bibi alisema, "lakini wewe usilie."

Salma alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka. Lilikuwa neno moja lenye maana mbili, naye alikuwa amezielewa zote mbili bila kumuuliza mama. "Ngoja, Bibi," alisema. "Na mimi nitakulia mbili."

Kuanzia hapo Bibi hakuondoka barazani wakati wa ludo. Idrisa akiondoka kidogo tu, Bibi anaichukua simu. Na kwa kuwa zamu ya mwenzako lazima uingoje, walikuwa wakiongea: Bibi alimwuliza Salma amekula nini leo, Salma akamweleza, Salma aliuliza kama mwembe wa uani umezaa, Bibi akamwambia umetoa maua.

Kisha ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Idrisa alikaa na simu saa moja jioni kama kawaida. Hakuna mtu. Aliandika, "Uko wapi?" Hakuna jibu. Simu ile ni ya baba yake, na baba yake hufanya kazi ya usiku bandarini. Ilipokaribia saa mbili aliichukua simu yake, akaondoka.

Saa kumi na mbili jioni ya Stockholm, Salma alifungua chumba. Akangoja. Hakuna mtu.

Jumatatu ikawa hivyo hivyo. Jumanne Salma alikuta ujumbe mmoja kutoka kwa Idrisa: "Umenichoka?"

Salma hakujua ajibu nini, maana yeye ndiye aliyedhani kachokwa. Siku ile chumba hakikufunguliwa kabisa. Jumatano Bibi alimwuliza mjomba, "Mbona siku hizi simsikii mjukuu wangu?" Mjomba akampigia dada yake simu, na dakika mbili hazikuisha kabla mama yake Salma hajashika kichwa. "Saa!" alisema. "Tumerudisha saa nyuma Jumapili!"

Saa ya Stockholm ilikuwa imerudi nyuma. Saa ya Tanga haikuwa imehama. Kumi na mbili ya Salma sasa ilikuwa mbili ya Idrisa, na saa mbili simu iko bandarini.

"Basi," Salma alisema, "tutacheza saa kumi na moja. Kazi ya shule nitaifanya baadaye." Akamwandikia* Idrisa: "Sijakuchoka. Saa yetu ndiyo imehama. Leo saa moja yako. Ningojee*."

Jioni ile simu ilipoitika, sauti haikuwa ya Idrisa.

"Leo nacheza mimi," Bibi alisema. "Idrisa atanishikia* simu tu. Haya, nisomee namba ya chumba."

Maneno ya mchezo

Ludo ni neno la Kilatini lenye maana ya "nacheza". Waingereza waliusajili mchezo huu kwa jina hilo mwaka 1896, lakini asili yake ni mchezo wa kale wa India uitwao pachisi. Fia ya Sweden ni wa ukoo huohuo, ndiyo maana Salma aliutambua mara moja.

Kila mchezaji ana kete nne. Anatupa dadu, kwenye simu anaigusa tu. Akipata sita, kete moja inatoka. Kete inazunguka njia ya nje, kisha inapanda nyumbani. Kila mtu anacheza kwa zamu. Kete yako ikiangukia penye kete ya mwenzako, umeila, nayo inaanza safari upya.

Hapo ndipo lugha mbili zinapoachana. Mswidi anaiona kete ikipigwa kikumbo, anasema imesukumwa. Mswahili anaiona ikimezwa. Tunasema hivyohivyo katika drafti na karata: kinachokamatwa kimeliwa. Kwa hiyo sema nimekula ukishinda na nimeliwa ukishindwa. Ukisema "nimesukumwa", mwenzako wa Tanga atageuka kutazama nani kasimama nyuma yako.

Sarufi: kumfanyia mtu jambo

Yatazame sasa maneno yenye nyota. Yote yana sauti ndogo iliyoongezwa kabla ya herufi ya mwisho, na sauti hiyo inamwingiza mtu mwingine katika kitendo.

Salma alisoma namba. Sawa, lakini alimsomea nani? Alimsomea Idrisa. Idrisa atashika simu. Kwa ajili ya nani? Atamshikia Bibi. Watoto wengi wanaokulia ughaibuni husema "alisoma namba kwa Idrisa" au "atashika simu kwa ajili ya Bibi". Tutawaelewa, lakini Kiswahili kina njia fupi zaidi: mtu yule anaingia ndani ya kitenzi chenyewe.

Sauti ya kuongeza ni ama *i* ama *e*. Sikiliza irabu iliyotangulia katika mzizi. Ikiwa ni *a*, *i* au *u*, ongeza *i*: shika, shikia, andika, andikia, tupa, tupia. Ikiwa ni *e* au *o*, ongeza *e*: soma, somea, leta, letea, ngoja, ngojea. Kitenzi kikiishia na irabu mbili, *l* inajitokeza katikati: fungua, fungulia, chukua, chukulia, ondoa, ondolea.

Vitenzi vifupi kabisa vina mchezo wao. Kufa kunakuwa kufia: mtu anafia mahali, au anaifia nchi yake. Ndiyo sababu Idrisa alishtuka aliposikia jina la mchezo wa Kiswidi. Kula kunakuwa kulia: "umenilia kete" maana yake umeila kete yangu, na hasara ni yangu mimi. Lakini kulia pia ni kutoa machozi. Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti tu, na Bibi aliyachezea yote kwa pumzi moja.

Hapo nimetumia neno jingine la kuangaliwa: chezea. Idrisa alipomwambia Bibi "nichezee zamu yangu", alitaka Bibi acheze badala yake. Ukitaka mwenzako acheze pamoja nawe, sema cheza nami au tucheze. Na ukimsikia mtu mzima akisema "usinichezee", weka simu chini: anakuambia usimfanyie masihara.

Saa: kwa nini Oktoba inaharibu mchezo

Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ya kwanza ya mchana inapopita, ni saa moja asubuhi. Saa ya ukutani wakati huo inaonyesha saba. Tofauti ni sita daima. Ukisoma saa ya Kiswidi ikaonyesha namba kubwa kuliko sita, ondoa sita. Ikiwa ni sita au chini yake, ongeza sita. Nane ni saa mbili. Tano ni saa kumi na moja. Sita ni saa kumi na mbili.

Stockholm hesabu hii inatuchekesha. Mwishoni mwa Desemba jua linazama kabla hata ya saa tisa alasiri, na mwishoni mwa Juni saa nne usiku ndipo linazama. Lakini maneno hayabadiliki. Ni saa nne usiku hata kama mwanga bado upo nje.

Hesabu ya pili ni ya tofauti kati ya miji. Afrika Mashariki saa hazisogezwi. Sweden zinasogezwa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba nyuma. Kwa hiyo kiangazi Tanga imetutangulia kwa saa moja, na majira ya baridi imetutangulia kwa saa mbili.

Tufuate mfano wa Salma. Agosti, saa yake ya ukutani inaonyesha sita jioni. Ondoka Stockholm uende Tanga: ongeza moja, ni saba. Geuza kwa Kiswahili: saba ondoa sita, saa moja jioni. Novemba, saa ileile ya ukutani inaonyesha sita. Ongeza mbili, ni nane. Nane ondoa sita, saa mbili usiku. Simu imeshakwenda bandarini. Ili Idrisa apatikane tena saa moja, Salma lazima aanze mapema kwa saa nzima, mkono mfupi ukiwa kwenye tano.

Fanyeni hesabu kwa mpangilio huo daima: kwanza tofauti ya miji, kisha geuza kwa Kiswahili. Anayegeuza mara mbili, upande wa Stockholm na tena upande wa Tanga, ndiye anayepotea.

Kwa wazazi

Mtakaojaribu jambo hili nyumbani, zipo programu nyingi za ludo. Inayojulikana sana ni Ludo King, iliyotoka India mwaka 2016. Tafuteni yenye chumba cha watu wanaojuana, kinachofunguliwa kwa namba. Msimwache mtoto kwenye vyumba vya wageni, na zuieni ununuzi kwenye simu kabla ya kumpa. Matangazo yatatokea kati ya michezo. Hiyo ni sababu nyingine ya kucheza mmoja tu kwa jioni.

Jambo la kusikiliza ni sauti. Programu hizi zina vikaragosi na salamu zilizoandikwa tayari, na watoto wawili wanaweza kucheza mwezi mzima wakitumiana vicheko bila kutamka neno. Ukipita sebuleni na kusikia kimya, mchezo unaendelea lakini Kiswahili kimekwisha. Simu ya sauti iwe wazi, na wekeni sharti moja: kete haisogei kabla aliyeitupa dadu hajasema idadi na anachokifanya. "Tano. Naitoa hii ya nyuma."

Ludo ina maneno machache. Baada ya majuma mawili au matatu mtoto atakuwa anayarudia yaleyale kwa ufasaha mkubwa na hapati mapya. Hapo anzeni kila mchezo kwa swali moja la nje ya ubao: leo mmekula nini, nani kaja, mwembe umefikia wapi. Swali la kesho litoke kwenye jibu la leo. Na mkubwa wa nyumba ile akiwa karibu, mwombeni achukue zamu moja. Kucheza polepole kwa bibi au babu kunampa mtoto muda wa kutafuta neno.

Binamu pia wana ruhusa ambayo wengine hawana. Katika jamii zetu nyingi mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Kwa hiyo msishtuke mkisikia "leo nazila zote nne na wewe utabaki kuosha vyombo". Wao kwa wao si ukosefu wa adabu. Lakini simu ikipokelewa na mjomba, shikamoo inatangulia kwanza, na utani unasubiri.

Mazoezi

A. Badilisha kitenzi kilicho kwenye mabano ili kionyeshe nani anafanyiwa.

1. Bibi, (funga) mimi mlango, paka asitoke.
2. Mjomba ame(leta) sisi maembe.
3. Idrisa, (ngoja) mimi dakika moja.
4. Mama ali(pika) Bibi uji.
5. Nita(chukua) wewe mkoba.
6. Salma ame(la) Idrisa kete mbili.

B. Saa ngapi? Jibu kwa saa ya Kiswahili.

1. Desemba. Stockholm ni saa kumi jioni. Tanga ni saa ngapi?
2. Julai. Tanga ni saa tatu usiku. Stockholm ni saa ngapi?
3. Januari. Idrisa ana mapumziko ya shule saa nne asubuhi. Salma atampigia saa ngapi za Stockholm?

C. Machi itafika, na saa za Sweden zitasogea mbele. Salma na Idrisa wanacheza saa kumi na moja jioni ya Stockholm. Andika ujumbe ambao Salma anapaswa kumtumia Idrisa Jumamosi, siku moja kabla. Tumia angalau vitenzi viwili vya kumfanyia mtu jambo. Uje nao darasani.

Majibu

A: 1. nifungie, 2. ametuletea, 3. ningojee, 4. alimpikia, 5. nitakuchukulia, 6. amemlia.

B: 1. saa kumi na mbili jioni, 2. saa mbili usiku, 3. saa mbili asubuhi.

C: Ujumbe wowote ni sawa iwapo Idrisa akiusoma atajua kwamba saa moja jioni yake inabaki palepale, na kwamba Salma ndiye atakayehamia saa kumi na mbili.